Kolifomu kwenye maji ya kunywa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watumiaji wa chemchemi Uganda

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya kamati za maji, wahudumu wa afya wa kijiji, walimu, wenyeviti wa LC1 na yeyote aliyekabidhiwa karatasi ya maabara yenye neno "kolifomu" asijue la kufanya. Tumeegemea zaidi chemchemi zilizojengewa, kama zile za mabondeni Kampala, kwa sababu huko ndiko karatasi hizi husomwa vibaya mara nyingi.

Karatasi inasema kolifomu wameonekana. Ina maana tunakunywa kinyesi?

Huwezi kujibu mpaka uone ni mstari gani wa karatasi uliosoma chanya, kwa maana kolifomu ni jina la kundi kubwa. Watu wa maabara waliliweka pamoja kwa tabia moja: ni bakteria wanaokula laktosi, yaani sukari ya maziwa, na kutoa asidi wakioteshwa kwenye nyuzijoto 35 hadi 37. Wamo wanaoishi utumboni mwa binadamu na wanyama, lakini pia wamo wanaoishi kwenye udongo, majani yanayooza, na utelezi unaojijenga ndani ya mabomba na matanki.

Ndiyo maana kolifomu wa jumla peke yao hawathibitishi kinyesi. Wanathibitisha kwamba kitu kutoka nje kimepata njia ya kuingia majini, au kwamba bakteria wanaota ndani ya chombo. Kwenye chemchemi isiyotiwa dawa, kuwakuta kolifomu wa jumla ni jambo la kawaida kabisa. Kwenye maji ya bomba yaliyotiwa klorini si kawaida, na sababu itafutwe.

Basi ni mstari gani unaozungumzia kinyesi?

Ni mstari wa E. coli. Huyu ni mmoja wa kolifomu, na makazi yake ni utumbo wa binadamu na wanyama wenye damu moto. Gramu moja ya kinyesi kibichi inaweza kubeba mamilioni mengi ya E. coli, kwa hiyo hata uchafu kidogo sana unaonekana. Akitoka utumboni na kuingia kwenye maji, kwa kawaida hupungua na kufa badala ya kuzaliana. Ukimkuta, kinyesi kiliingia si zamani sana.

Baadhi ya karatasi hazimtaji E. coli. Zinataja kolifomu wa kinyesi, au kolifomu wanaostahimili joto, na maana ni moja: bakteria walioota kwenye nyuzijoto 44 au zaidi kidogo. Wengi wao huwa ni E. coli, lakini si wote. Aina kadhaa za Klebsiella huota kwenye joto hilo, nao hupatikana kwenye mimea inayooza bila kinyesi chochote kuhusika. Mimi husoma mstari huu kama ushahidi mzito wa kinyesi kwenye chemchemi iliyo katikati ya makazi, na kwa tahadhari zaidi kwenye maji yanayotoka kinamasini au karibu na kiwanda cha sukari.

Kuna jambo lingine la nchi zenye joto. Huko Hawaii na Puerto Riko watafiti wamewakuta E. coli wakiishi na kuzaliana kwenye udongo na maji ya joto. Hilo halitupi ruhusa ya kupuuza matokeo yetu. Linatuonya tu kwamba E. coli mmoja au wawili kwenye maji yaliyochanganyika na udongo si lazima watoke chooni jana.

Kwa nini msipime kipindupindu au taifodi moja kwa moja?

Kwa sababu vijidudu vya maradhi huwa ndani ya maji pale tu ambapo kuna mgonjwa anayevitoa, na hata hapo huwa vichache na hupita kwa vipindi. Ukipima kipindupindu leo ukakikosa, hujajifunza chochote kuhusu homa ya matumbo wala kuhusu kesho. E. coli hutolewa na kila mtu, mzima na mgonjwa, kila siku. Kumpata kunaonyesha kwamba njia kutoka chooni hadi kwenye kikombe iko wazi, na siku mtaa ukipata mgonjwa, ugonjwa utapita njia hiyo hiyo. Aina nyingi za E. coli zenyewe hazidhuru.

Namba iliyo kwenye karatasi inapatikanaje?

Njia inayotumika sana ni ya kuchuja. Mililita 100 za maji hupitishwa kwenye utando wenye matundu ya maikromita 0.45, madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Utando huo huwekwa kwenye kisahani juu ya pedi iliyoloweshwa chakula chenye laktosi na rangi ya kuonyesha asidi. Visahani huachwa kwanza nje kwa saa moja hadi nne, ili bakteria waliodhoofishwa na klorini au baridi wapate nguvu, kisha huingizwa kwenye inkubeta ya nyuzijoto 44 usiku kucha. Asubuhi kila bakteria aliyeweza kuzaliana amekuwa kidoa cha manjano. Vidoa huhesabiwa, na namba huandikwa kama CFU kwa mililita 100.

Kwenye utando mmoja vidoa vikizidi mia hivi, vinagusana na hesabu haiaminiki. Karatasi itaandikwa TNTC, yaani vimezidi kuhesabika. Watu wengi huacha hapo, nami husikitika, kwa maana dawa yake ni rahisi: chuja mililita 10 tu pamoja na zile 100. Mililita 10 zikitoa vidoa 23, maji yana kama 230 kwa mililita 100. Bila hatua hiyo, chemchemi yenye 150 na yenye 5,000 zinaonekana sawa, na huwezi kujua kama matengenezo yako yamesaidia.

Ziko pia chupa zinazopewa unga wa kemikali na kukaa saa 24 kwenye nyuzijoto 35. Maji yakigeuka manjano kuna kolifomu, na yaking'aa rangi ya samawati chini ya taa ya urujuanimno kuna E. coli. Ni njia nzuri kwa anayetaka jibu la ndiyo au hapana. Chupa zenye kikaratasi kinachogeuka cheusi ni kitu kingine: zinashika bakteria wanaotoa gesi ya salfa, ambao si kolifomu lazima, na baadhi yao wapo kwenye maji ya ardhini yasiyo na kinyesi. Weusi huo uchukulie kama sababu ya kupima vizuri zaidi.

Mwezi uliopita tulipata E. coli 4, mwezi huu 9. Maji yameharibika?

Huwezi kusema hivyo. Bakteria hawajatawanyika majini kwa usawa, na ukichota mililita 100 mara mbili kwenye ndoo ile ile utapata namba mbili tofauti. Hesabu ya vidoa 4 inaweza kutoka kwenye maji ambayo wastani wake halisi ni kati ya 1 na 10. Hata sifuri inaruhusu wastani wa hadi kama 3. Kwa hiyo 4 na 9 ni majirani, na kamati isigombane juu yake.

Kinachofaa ni kusoma kwa ngazi: sifuri, 1 hadi 10, 11 hadi 100, na zaidi ya 100. Maji yakihama ngazi, na hasa yakihama kila mvua inaponyesha, hapo kuna habari. Kiwango kinachotakiwa kwa maji ya kunywa kinabaki kile cha Shirika la Afya Duniani na cha viwango vya Afrika Mashariki vinavyotumika Uganda: E. coli asionekane katika mililita 100. Ngazi zinasaidia kuamua ni chemchemi ipi ishughulikiwe kwanza.

Chemchemi yetu hupimwa kiangazi na kupata alama nzuri, lakini watoto huharisha masika. Vipimo vinadanganya?

Vipimo havidanganyi, vimechukuliwa wakati usiofaa. Tuchukue mfano wa chemchemi yenye mabomba mawili, chini ya mtaa wa mteremko. Jengo lake ni ukuta wa zege, na nyuma ya ukuta kuna mawe yanayokusanya maji, yakiwa yamefunikwa kwa udongo wa mfinyanzi na nyasi.

Wiki kavu, bombani: kolifomu wa jumla 22, E. coli 2. Kisha inanyesha mvua kubwa usiku, na sampuli ya alfajiri inatoa TNTC kwa mililita 100, na vidoa 31 kwa mililita 10, yaani kama 310. Siku ya nne bila mvua, E. coli wamerudi 12.

Namba zimepanda ndani ya saa chache na kushuka ndani ya siku chache. Maji yanayopenya polepole kwenye udongo hayafanyi hivyo, kwa sababu udongo huwashika bakteria wengi njiani na wengine hufa kabla ya kufika. Kupanda kwa ghafla namna hii kunaonyesha njia ya mkato, maji ya juu ya ardhi yanayotumbukia moja kwa moja kwenye mawe nyuma ya ukuta. Utafiti wa chemchemi za Kampala uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha jambo hilo hilo: uchafuzi ulifuata mvua kwa haraka, na hali ya jengo na mazingira ya karibu ilieleza mengi kuliko ukaribu wa vyoo.

Kwa hiyo hatua inayofuata haiko maabara. Panda nyuma ya ukuta ukague. Katika mfano wetu udongo wa kufunika umemomonyoka hadi mawe yanaonekana, uzio umeng'olewa na mbuzi wanalishwa pale pale, na mtaro wa juu uliochimbwa kuepusha maji ya mvua umejaa takataka, kwa hiyo maji yanafurika na kutuama juu ya chemchemi. Taka hizo za mtaani huwa na mifuko ya plastiki iliyotumika kama choo. Kamati inazibua mtaro, inarudisha tabaka la mfinyanzi, inapanda nyasi na kuweka uzio. Sampuli ya baada ya mvua kubwa inayofuata inatoa E. coli 26.

Kutoka 310 hadi 26 ni kazi kubwa iliyofanikiwa, na bado maji hayajafikia kiwango. Kinachobaki huenda kinapita ardhini, na ukarabati wa chemchemi hauwezi kukiondoa. Kamati iwaambie watu yote mawili kwa pamoja, isije ikatangaza kwamba chemchemi sasa ni safi.

Lakini choo cha jirani kiko juu ya chemchemi kabisa. Si ndicho chanzo?

Inawezekana. Umbali wa mita 30 kutoka choo cha shimo hadi chanzo cha maji hutajwa mara nyingi kama kinga, lakini kinachoamua zaidi ni aina ya udongo, kina cha maji ya ardhini na mwelekeo wa mteremko. Pale ambapo shimo linagusa maji ya ardhini, kama ilivyo sehemu za Bwaise na mabonde mengine, mita 30 hazikuhakikishii kitu.

Dalili ya choo kinachovuja kupitia ardhini ni namba zisizocheza sana kati ya mvua na kiangazi. Pima na naitreti pia. Kinyesi na mkojo vinavyooza ardhini kwa miaka huacha naitreti, ambayo hailiwi na klorini wala kuchemshwa. Naitreti nyingi pamoja na E. coli wa kudumu huonyesha mtaa mzima uliojaza ardhi kwa vyoo vyake, na kumbomolea jirani mmoja hakutabadilisha chochote. Naitreti nyingi na E. coli wachache huonyesha kwamba ardhi inachuja bakteria lakini mzigo upo.

Kipimo cha kawaida hakiwezi kusema kama kinyesi ni cha mtu, ng'ombe au kuku. Nimeona ugomvi mkubwa wa majirani ukijengwa juu ya karatasi ambayo haikuwa na uwezo wa kumtaja mtu.

Bombani tulipata sifuri, nyumbani jerikeni ikatoa 48. Imewezekanaje?

Hiyo hutokea sana. Maji huchafuka kati ya bomba na kikombe: jerikeni yenye utelezi wa kijani ndani, kizibo kilichopotea kikabadilishwa na ndizi au kipande cha plastiki, sufuria la mdomo mpana ambamo kila mkono unachovya kikombe. Kolifomu wa jumla wanaweza kuota kwenye utelezi ule bila kinyesi kipya. E. coli wakipanda, mikono ndiyo inayoshukiwa kwanza. Kamati inayopima bombani pekee haijapima maji yanayonywewa.

Sampuli inaweza kuharibiwa na mchotaji?

Ndiyo, na hutokea kuliko makosa ya maabara. Chupa lazima iwe imetakaswa, na isisuuzwe kwa maji ya chanzo. Usiguse mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Bomba la chuma lisafishwe, lipitishiwe moto wa pamba yenye spiriti, kisha maji yaachwe yatiririke dakika moja au mbili. Acha nafasi kidogo juu ya chupa ili maabara iweze kuitikisa. Chupa ikae kwenye boksi lenye barafu, gizani, ifike maabara ndani ya saa 6. Ikilala hadi kesho kwenye buti la gari lenye joto, bakteria wanaweza kuongezeka au kufa, na namba yoyote utakayopewa haina maana.

Kosa lisiloonekana ni la klorini. Ukichota maji yenye klorini kwenye chupa tupu, klorini inaendelea kuua bakteria njiani, na maabara inakuandikia sifuri. Chupa za maji ya bomba zinatakiwa ziwe na sodiamu thiosalfeti kidogo, inayozima klorini mara tu maji yanapoingia. Uliza kabla ya kuondoka na chupa.

Maabara nzuri pia hupitisha maji yaliyotakaswa kwenye vifaa vyake siku hiyo hiyo. Maji hayo yakiotesha vidoa, vifaa ni vichafu na matokeo ya siku nzima hutupwa. Una haki ya kuuliza hayo nayo yalitoa nini.

Maji ya bomba la shirika yameonyesha kolifomu. Ni mtambo umeshindwa?

Mara nyingi tatizo liko mbele ya mtambo. Mitambo ya Ggaba huchota maji ya Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison, ambayo hupokea maji ya mfereji wa Nakivubo, kwa hiyo maji ghafi yana bakteria wengi na yanasafishwa kwa kutegemea hilo. Tatizo linaweza kuingia baadaye: bomba lililopasuka kwenye mtaro mchafu hunyonya uchafu umeme unapokatika na presha kushuka, na tanki la juu ya nyumba lisilofunikwa hupokea ndege na mijusi.

Pima klorini iliyobaki hapo hapo bombani. Ikiwa ipo miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita na bado umepata E. coli, shuku sampuli kwanza na uchote tena. Ikiwa haipo, maji hayana ulinzi, na matokeo yanaaminika. Chota mahali pawili, kwenye mita na baada ya tanki. Mita safi na tanki chafu ni kazi ya mwenye nyumba.

E. coli sifuri, je, maji ni salama?

Hakuna uhakika. Virusi kama vya homa ya ini A na rota ni vidogo sana kuliko bakteria, vinasafiri mbali zaidi ardhini na hudumu muda mrefu. Kriptosporidia, kimelea cha kuharisha, hakiuawi na klorini ya kawaida, wakati E. coli hufa haraka kwa klorini hiyo hiyo. Kwa hiyo maji yaliyotiwa klorini yanaweza kusoma sifuri yakiwa bado na kimelea hicho. Chemchemi yenye sifuri kiangazi, lakini ina mtaro ulioziba na mifugo juu yake, kwangu ni chemchemi ambayo haijapimwa.

Matokeo ni chanya kwa E. coli. Tufanye nini jioni hii?

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kuachwa dakika 30. Maji yenye tope yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa kisafi, na dawa iongezwe mara mbili, kwa sababu tope hula klorini kabla haijafika kwa bakteria. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye kizibo au koki.

Msimwage klorini kwenye chemchemi yenyewe. Kisima unaweza kukitia dawa, kuiacha ikae na kisha kuyatoa maji hayo, lakini chemchemi hutiririka bila kusimama, na dawa itakuwa imeondoka yote kabla ya foleni ya asubuhi. Kipimo cha kurudia kichukuliwe baada ya mvua kubwa ya kwanza kufuatia matengenezo, bombani na kwenye jerikeni tatu au nne za nyumbani siku hiyo hiyo.